Mfuko wa Ndani wa Koti la Mzee Rugaibula

Kokuhirwa aliambiwa apige magoti. Hakuambiwa faraghani, wala kwa upole. Aliambiwa sebuleni kwa marehemu baba mkwe wake pale Kamachumu, mbele ya mama mkwe, mbele ya mumewe Buberwa, na mbele ya Mzee Kaijage, msemaji wa ukoo, aliyekuwa akipuliza chai yake kana kwamba jambo lenyewe ni la kawaida tu.

"Jumamosi, kabla ya kumvika mrithi," alisema Shangazi Joanitha, dada wa marehemu, "utapiga magoti mbele ya ukoo uombe radhi. Hapo ndipo tutakapojua una moyo wa kibinadamu."

Juu ya meza lilikuwa limelala koti la Mzee Rugaibula. Lilikuwa koti la sufu, rangi ya majivu, zito, la enzi za ushonaji wa kweli, na mzee alilivaa Krismasi, Pasaka na kila msiba wa maana kwa miaka mingi kuliko umri wa ndoa ya Kokuhirwa. Siku ya kuondoa matanga, mwaka ukikaribia kutimia tangu azikwe, mrithi aliyetajwa kwenye wosia huvikwa koti la baba yake akaketishwa kwenye kiti chake, na ukoo wote ukamwita baba. Ndiyo desturi yao. Na koti hilo sasa lilikuwa na matundu upande wa kushoto wa kifua, mengine madogo, mengine ya kupitisha kidole gumba, na kati ya tundu na tundu kitambaa kilikuwa kimenyolewa kikabaki uzi mtupu.

"Mkasi huu," Shangazi alisema, akipitisha kidole kwenye tundu. "Mkasi wa mtu mwenye wivu."

Kila mtu pale sebuleni alijua wivu gani unaosemwa. Buberwa ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Ndiye aliyebaki nyumbani na kahawa na migomba, ndiye aliyembeba baba yake kumpeleka msalani miezi ya mwisho. Lakini wosia ulimtaja Mwesiga, mdogo wake, anayefanya kazi Bukoba mjini. Buberwa aliupokea kimya, akaendelea kupalilia. Hakuna aliyekumbuka kumpongeza kwa hilo. Walichokumbuka ni kwamba ana mke, kwamba ufunguo wa sanduku la marehemu ulikaa kiunoni kwa mke huyo mwaka mzima, na kwamba mke huyo ana mkasi.

"Shangazi, sikulikata," Kokuhirwa alisema.

"Basi lilijikata."

"Ni wadudu."

"Wadudu gani hao wanaochagua kifua cha kaka yangu na kuacha mgongo?"

Kokuhirwa alimtazama mumewe. Buberwa alikuwa akitazama sakafu. Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli, maana maneno ya Shangazi alikuwa ameyazoea. Yeye ndiye aliyelitunza sanduku lile! Kila jua lilipowaka vizuri aliyatoa mablanketi uani, akayakung'uta, akayapiga brashi kwenye mishono na pembe, akayaacha yapigwe na jua hadi alasiri. Alinunua vidonge vyeupe vya naftalini akavifunga kwenye kitambaa. Na koti? Koti alitaka kulipeleka kusafishwa wiki ile ile ya mazishi, maana kola ilikuwa na jasho na kifuani kulikuwa na tone la mchuzi wa Krismasi ya mwisho. Nani alikataa? Shangazi Joanitha alisimama mlangoni akaeneza mikono. "Unataka kumfua kaka yangu? Jasho lake ndilo lililobaki. Koti halifuliwi mpaka mrithi alivae." Likaingizwa sandukuni na jasho lake na mchuzi wake, na yeye akaruhusiwa kulitandaza juani bila kulipeleka popote. Leo mtu yule yule anauliza nani kaliharibu.

Mwesiga, mrithi mwenyewe, aliyekuwa amekuja na pikipiki kutoka mjini, alikohoa. "Shangazi, waitu, tafadhali, magoti ni ya Jumamosi. Leo bado ni mwanzo wa wiki. Shemeji alichukue koti, ampelekee yule mama wa Rwamishenye anayefuma nguo zilizotoboka. Siwezi kuketi kwenye kiti cha Tata na matundu haya."

"Alichukue," Shangazi alisema. "Alichoharibu akitengeneze. Lakini magoti yako pale pale."

*

Zabibu alikuwa na duka la dobi pale Rwamishenye, chumba kimoja chenye meza ya pasi, cherehani, na friza kuukuu ambamo aligandishia barafu za juisi za watoto wa jirani. Yeye na Kokuhirwa walifahamiana tangu suti ya harusi ya Buberwa ilipopunguzwa kiuno. Alilitandika koti mezani, akalivuta karibu na dirisha.

"Wanasema nimelikata na mkasi," Kokuhirwa alisema, na sauti ikamkatika katikati, jambo lililomuudhi zaidi.

"Mkasi?" Zabibu aliingiza kidole kwenye tundu kubwa. Kidole kilifika kwenye bitana kikakwama. "Hebu tazama. Bitana ni nzima. Mkasi gani huo unaokata sufu na kuacha kitambaa kilicho nyuma yake? Bitana hii ni ya nailoni, mdudu haili. Anataka kitu kilichotoka kwa mnyama. Sufu, manyoya, ngozi. Na mablanketi je?"

Kokuhirwa alifikiri. Sandukuni mlikuwa na mablanketi mawili ya sufu, moja la mzee na moja la mama mkwe, na mengine ya kisasa, laini, ya kutoka China. Yale ya kisasa hayakuguswa. La mama mkwe lilikuwa limeguswa pembeni, na pale pembeni kulikuwa na vijifuko vya utando mweupe, kama uzi wa buibui uliosokotwa na vumbi la sufu. Alikuwa ameona pia vipepeo vidogo vya rangi ya majani makavu, ambavyo sanduku likifunguliwa havikuruka kuelekea kwenye mwanga, vilikimbilia kwenye mikunjo.

"Hao ni nondo," Zabibu alisema. "Kipepeo mwenyewe hali kitu, kazi yake kutaga. Anayekula ni buu wake, na anapenda palipo na jasho na mafuta ya mwili. Mama alilitumia blanketi lile likawekwa bila kufuliwa?"

"Siku za msiba alijifunika nalo. Halafu likakunjwa. Alikataa lifuliwe kabla ya matanga, na mimi sikumlazimisha."

"Basi. Lakini hapa kwenye koti sioni utando hata kidogo." Zabibu alichukua brashi, akapiga kola, akapiga mishono ya bega, kisha akakung'uta upande wa kushoto juu ya gazeti. Vilianguka vitu vidogo vya kahawia, vyepesi, vyenye nywele, vitupu ndani. "Maganda. Haya si ya nondo. Huyu ni yule mwingine, buu mwenye nywele, anajivua ganda kila anapokua. Akikomaa anakuwa kijidudu cha mviringo, madoa meupe na kahawia, mdogo kuliko punje ya mtama."

Vijidudu hivyo alikuwa ameviona. Vilikuwa vikifia kwenye dirisha la chumba cha sanduku, chini ya kioo, naye alivifagia akidhani vimetoka kwenye maua ya nje.

"Hao ndio wakubwa wao. Wakikomaa wanatafuta mwanga, wanakula unga wa maua. Wanaoharibu ni watoto gizani." Zabibu aliinama tena. "Na naftalini uliweka?"

"Niliweka. Chumba kizima kilinuka."

"Chumba kilinuka. Sanduku kifuniko chake kinafunga vizuri?"

Hakikufunga vizuri. Kilipinda kona moja siku walipolihamisha.

"Ndiyo hivyo. Ile dawa inaua kama hewa yake imefungiwa ndani pamoja na mdudu. Ukiisikia chumbani ujue imeshatoka, na wanaovuta sumu ni nyinyi. Ungeziba kwa mfuko mzito wa plastiki, nguo zikiwa safi na kavu, usingehitaji hata dawa." Zabibu aliufuata mstari wa matundu kwa kucha. Yalianza makubwa karibu na mfuko wa ndani, yakaenda yakipungua kuelekea kwenye kishikizo na begani. "Wametokea hapa. Kuna nini humu mfukoni?"

"Sijui. Sijawahi kuingiza mkono."

"Mwaka mzima?"

"Ni mfuko wa baba mkwe, Da Zabibu."

Zabibu hakubishana. Kwao mke wa mwana hapekui mifuko ya mkwewe, awe hai au awe kaburini, na hata brashi ya Kokuhirwa ilikuwa imepita nje tu ya mfuko ule kwa heshima. Lakini mzee hakuwa mkwe wa Zabibu. Alifungua kishikizo, akaingiza vidole viwili, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, bapa, ukubwa wa kiganja, kilichofungwa kwa ufumwale, uzi wa mgomba, uliosukwa mara tatu na ncha kupitishwa chini.

Kilikuwa chepesi mno. Jani lilikuwa na vitundu. Zabibu alikifungua kidogo pembeni, na ndani hakukuwa na kitu ila miguu, mabawa na unga wa kahawia, na katika unga ule mabuu mawili yenye nywele yakijikunja kuukimbia mwanga.

"Senene," alisema Zabibu.

Kokuhirwa aliketi kwenye kigoda. Senene waliokaushwa, panzi wale wa kuliwa, wamewekwa kwenye mfuko wa koti la sufu, mwaka mzima, gizani. Wadudu walianza na nyama, walipoimaliza wakahamia kwenye nguo. Na fundo lile alilijua. Kamachumu nzima ililijua fundo lile. Kila msimu wa senene Shangazi Joanitha ndiye aliyefunga mafungu ya jamaa, la huyu na la yule, na hakuna mwingine aliyepitisha ncha chini namna ile.

Mzee Rugaibula alikufa katikati ya msimu. Fungu lake lilikuwa limeshakaangwa.

"Alijua," Kokuhirwa alisema polepole. "Alijua ameweka chakula humu, akanisimamisha mbele ya watu."

"Labda hakujua kwamba chakula kinaleta wadudu."

"Kama hakujua, angeuliza. Kwa nini aanze na mimi?"

Zabibu alimsogezea brashi.

Walifanya kazi hadi jioni, na siku iliyofuata Kokuhirwa akarudi. Zabibu alikifunga kile kifurushi ndani ya mfuko wa plastiki, akaupiga fundo na kuutupia kwenye friza. Koti walilipiga brashi nje, mfuko baada ya mfuko, mshono baada ya mshono. Zabibu akalifuta kola na kifua kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, bila kusugua, akaliacha likauke kivulini. Kisha akaweka kitambaa kibichi juu yake akashusha pasi ya moto, akaiacha itulie mpaka mvuke upenye, akainyanyua, akasogea. "Mayai huyaoni," alisema. "Yanauliwa na moto au baridi kali, hayauliwi na macho yako." Halafu alifumua upindo wa ndani wa koti, akachomoa nyuzi za sufu ile ile, akaanza kufuma tundu moja moja, uzi juu, uzi chini. Tundu kubwa alilitia kiraka kutoka kwenye upindo huo huo. Ukilitazama kwa mbali koti lilikuwa zima. Ukisogea uliona.

"Mablanketi ya sufu ulete baada ya matanga," Zabibu alisema. "Yafuliwe, yakauke kabisa, yafungwe, yakae kwenye friza wiki mbili. Na lile sanduku lifyonzwe au lifagiliwe kila mwanya, lifutwe, likae juani wazi. Ukirudisha nguo safi kwenye sanduku chafu hujafanya kitu."

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Mwinjilisti alimaliza ibada, wimbo wa mwisho ukaimbwa, viti vikageuzwa kuelekea barazani ambako kiti cha mzee kilikuwa kimewekwa na Mwesiga amesimama kando yake na shati jeupe. Shangazi Joanitha, kwa kuwa ni dada wa marehemu, ndiye mwenye kumvika mrithi. Alikuwa amependeza kwa vazi la gomesi la zambarau.

Mzee Kaijage akapiga fimbo chini. "Kabla ya kuvisha, kuna neno la nyumbani. Mke wa Buberwa."

Kokuhirwa alitoka kwa wanawake. Mkono mmoja ulibeba koti, mwingine mfuko wa plastiki uliokuwa bado na ubaridi. Alisikia watu wakijisogeza ili waone vizuri, na akawachukia kidogo kwa hilo. Hakupiga magoti. Alitandaza koti kwenye meza ya mwinjilisti, akafungua mfuko, akaweka kifurushi juu ya kitambaa cheupe, fundo likiwa juu.

"Mbwenu, sasa, wazee wangu," alisema. "Nimeambiwa niombe radhi kwa kukata koti la baba. Koti halikukatwa. Bitana yake ni nzima, aje anayetaka aitazame. Limeliwa. Waliolila walikuwa kwenye mfuko wa ndani, katika hiki. Ni senene. Mimi mfuko wa mkwe wangu sikuwahi kuugusa. Kilifungwa na nani, fundo hilo hapo."

Macho yalikwenda kwenye fundo, kisha kwa Shangazi Joanitha, yakarudi upesi chini.

Na hapo ndipo Kokuhirwa alipoona jambo lililomchoma kuliko yote. Mzee Kaijage, aliyekuwa na siku nzima ya kumsikiliza yeye akitubu, ghafla hakuwa na muda. "Basi, basi," alisema. "Kumbe ni wadudu. Wadudu ni wadudu. Yaishe, tuendelee, mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa safi. Wanaume wawili watatu waliitikia kwamba yaishe. Magoti ya mke wa Buberwa yalikuwa na ratiba, radhi ya dada wa marehemu haikuwa nayo.

"Hayajaisha." Aliyesema si Kokuhirwa. Ni Buberwa, mtu wa kutazama sakafu, naye alikuwa ameinuka. "Mzee Kaijage, waitu. Mke wangu aliitwa mwizi wa heshima ya baba yangu mbele ya watu. Mimi nilinyamaza, na nilikosea. Neno lililosemwa wazi liondolewe wazi."

Shangazi Joanitha alikuwa amefika mezani. Hakukigusa kifurushi. Alilinyanyua koti, akalileta usoni, akaizika pua yake kwenye kola, akavuta pumzi. Akavuta tena. Alipolishusha, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hayumo," alisema. "Mmemtoa. Linanuka pasi."

Kokuhirwa alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kejeli, hata kwa kulaaniwa. Hilo hakujiandaa nalo. Alimwona mwanamke mzee aliyeshika nguo tupu. Hasira yake haikuondoka, ilibaki pale pale, ila sasa ilikuwa na mwenzake, huruma.

"Shangazi," alisema, na hakuipandisha sauti. "Lingefuliwa wiki ile ya kwanza, ungebaki na koti zima. Nakusikitikia. Lakini mimi sikulikata."

Shangazi alikitazama kifurushi. "Lilikuwa fungu lake," alisema, kama anayejisemea. "Alikuwa ameliulizia asubuhi ile aliyofariki. Nikasema mrithi atakula kwa niaba yake siku atakayovaa." Kisha akageuka kuwaelekea watu, mgongo wima, sauti ile ile aliyozoea kuwaamrisha nayo. "Sikieni. Koti la kaka yangu halikukatwa na mtu. Nilililisha wadudu mimi. Mke wa Buberwa nilimsingizia."

Hakupiga magoti, na Kokuhirwa hakumtaka apige. Alimpa mkono mmoja wa koti, akashika ule mwingine, na wakamvika Mwesiga wote wawili. Mwesiga akaketi. Watu wakaimba.

Jioni, wageni walipoanza kuaga, Mwesiga alilivua koti akamnyooshea shemeji yake alirudishe ndani. Kokuhirwa hakulipokea.

"Mifuko kwanza," alisema.

Mrithi wa Mzee Rugaibula, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiitwa baba na watu waliomzidi umri, aligeuza mifuko ya nje, akageuza ya ndani. Ndani ya ule wa kushoto lilitoka andazi lililofungwa kwenye karatasi. Alicheka, hakuna aliyecheka naye. Kokuhirwa aliendelea kunyoosha mkono mtupu mpaka andazi likaondolewa na makombo yakakung'utwa uani.

Shangazi Joanitha alikuwa ameketi karibu, mkoba wake mapajani. Alitazama yote. Halafu, bila kuulizwa, aliufungua mkoba, akatoa blanketi dogo la mtoto la sufu alilokuwa amekuja nalo liwekwe sandukuni, akalinusa, akaliweka kando, kwenye rundo la nguo za kufuliwa.